Madaraja ya Uadilifu kwa Watoto na Hoja ya Matunzo

Makusudi ya makala hii ni kueleza mjadala mmoja wa elimu-nafsi ambao wasomi wa lugha wanapaswa kuujua, kwa sababu kiini chake kimo katika maneno: swali huulizwaje, na jibu la mtoto huandikwa na kupimwaje. Mjadala wenyewe wahusu madaraja ambayo mtoto husemwa kuwa huyapitia katika kukua kwa uamuzi wake wa mema na mabaya, na lawama kwamba madaraja hayo yaliacha nje namna moja kamili ya kufikiri, yaani ile inayoanzia katika kutunzana.

Mwenye madaraja ni Lawrence Kohlberg, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 1987. Kabla yake Jean Piaget wa Uswisi alikuwa amekwisha kuchapisha, mwaka 1932, uchunguzi wake juu ya watoto na kanuni za mchezo wa gololi. Kohlberg aliufuata mwendo ule akaupeleka mbele. Katika tasnifu yake ya mwaka 1958 katika Chuo Kikuu cha Chicago aliwahoji wavulana wa miaka 10, 13 na 16, kisha wengi wao akaendelea kuwahoji kila baada ya miaka mitatu au minne kwa muda wa miaka ipatayo ishirini. Msomaji na alishike neno hili: walikuwa wavulana watupu.

NJIA YA KISA

Kohlberg hakuwauliza watoto kama kuiba ni kubaya. Kila mtoto hulijibu swali la namna hiyo kama alivyofundishwa. Yeye aliwasimulia kisa chenye mkingamo, ambamo kila njia ina hasara, akawaomba waamue na watoe sababu. Kisa mashuhuri kuliko vyote ni cha Heinz. Katika mji mmoja wa Ulaya mwanamke alikuwa mahututi kwa saratani. Dawa moja tu ilidhaniwa kuwa yaweza kumponya, nayo ilikuwa imevumbuliwa na mwuza dawa wa mji ule ule. Katika masimulizi ya awali, mwuza dawa alitumia dola 200 kuitengeneza, akataka dola 2,000 kwa kipimo kidogo. Heinz, mume wa mgonjwa, alizunguka kwa jamaa na marafiki akapata nusu tu ya bei. Akamsihi mwuza dawa ampunguzie, ama amwachie alipe baadaye, akakataliwa. Kwa kukata tamaa Heinz akavunja duka akaiiba dawa. Je, ilimpasa kufanya hivyo?

Baada ya jibu la kwanza hufuata maswali mengine. Kama hampendi mkewe, je, yampasa aibe vile vile? Kama mgonjwa ni mgeni asiyemjua? Kama ni mnyama wake wa kufugwa? Je, watu wapaswa kuitii sheria kwa kila hali? Maswali hayo hayakuwekwa ili kumtega mtoto. Yamewekwa ili kuitenga sababu aliyo nayo na yale yaliyoambatana nayo kwa bahati tu.

Hapa yafaa kuondoa kosa ambalo hurudiwa mara nyingi katika vitabu vya walimu. Daraja la mtoto halitokani na uamuzi wake wa kuiba au kutoiba. Hutokana na sababu. Mtoto asemaye, "Asiibe, atafungwa," na yule asemaye, "Aibe, maana mkewe akifa yeye ndiye atakayeadhibiwa," wamepingana katika uamuzi na ilhali wamesimama mahali pamoja: wote wawili waipima haki kwa fimbo.

MADARAJA SITA

Madaraja hayo ni sita, yaliyogawanywa katika viwango vitatu. Katika kiwango cha chini, daraja la kwanza ni kutii kwa kuiogopa adhabu, na la pili ni nipe nikupe: jema ni lile linilipalo, na mwenzangu naye ana haja zake, basi na tubadilishane. Katika kiwango cha kati, daraja la tatu ni kuwa mtu mwema machoni pa watu walio karibu, mume mwema, mtoto mwema, rafiki mwaminifu. Na la nne ni kuulinda utaratibu wa jamii nzima, kwa kuwa kila mtu akijifanyia ubaguzi sheria itavunjika. Katika kiwango cha juu, daraja la tano huzitazama sheria kama mapatano yawezayo kubadilishwa kwa ajili ya haki za msingi, na la sita huhukumu kwa kanuni zinazowahusu binadamu wote bila kujali nani ni nani. Daraja la sita lilionekana kwa watu wachache mno, hata mwongozo wa kupimia uliotolewa mwaka 1987 ukaliacha.

Kohlberg alidai mambo mawili pamoja. La kwanza ni la mfuatano: mtoto hupita daraja moja baada ya jingine, haruki, wala harudi nyuma kwa kawaida. La pili ni la ubora: kila daraja linaamua vema zaidi kuliko lililo chini yake, maana hutatua migongano ambayo lile la chini lilishindwa kuitatua. Kiswahili chaweza kuyatenga madai hayo mawili kwa maneno mawili. Tukisema "hatua" twataja mwendo tu. Anayetembea hupiga hatua ya tatu baada ya ya pili, wala hakuna aibu katika ya pili. Tukisema "daraja" twataja pia cheo. Nimelichagua "daraja" hapa kwa makusudi, kwa sababu ugomvi wote unaofuata ni juu ya cheo, wala si juu ya mwendo.

JAKE NA AMY

Aliyeuzusha ugomvi ni Carol Gilligan, aliyezaliwa mwaka 1936, ambaye aliwahi kufanya kazi pamoja na Kohlberg huko Harvard. Mwaka 1982 alichapisha kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Kwa Sauti Nyingine". Humo mna watoto wawili wa darasa moja la sita, wenye miaka 11, aliowapa majina ya Jake na Amy. Wote wawili walikuwa na akili nzuri na usemi mzuri, nao walipewa kisa kile kile cha Heinz.

Jake hakusita. Heinz aibe, kwa maana uhai una thamani kuliko fedha: mwuza dawa aweza kupata fedha nyingine, lakini mke hapatikani tena. Alipoulizwa juu ya sheria, alijibu kwamba sheria nayo hukosea, na kwamba hakimu mwenye busara angempa Heinz adhabu nyepesi. Yeye mwenyewe alikifananisha kisa na hesabu ambayo tarakimu zake ni watu. Alipimwa kuwa kati ya daraja la tatu na la nne.

Amy alisita. Alisema labda ziko njia nyingine zaidi ya kuiba, kwa mfano kukopa fedha. Lakini Heinz asiibe, na mkewe naye asife. Alipoulizwa kwa nini asiibe, hakutaja sheria wala mali. Alitazama yatakayofuata: Heinz akifungwa, na mkewe akizidiwa tena, nani atamtafutia dawa? Kwa hiyo, akasema, yawapasa wazungumze hata wapate njia. Aliamini pia kuwa mwuza dawa, akielezwa vya kutosha, angeweza kuitoa dawa na kungoja malipo. Mhoji aliporudia swali mara kwa mara kwa namna mbalimbali, Amy alizidi kupoteza ujasiri, majibu yake yakawa mafupi na ya wasiwasi. Alipimwa kuwa daraja zima chini ya Jake, kati ya la pili na la tatu.

Tukiifuata njia ya upimaji tutaona jinsi alivyoshuka. Mwongozo wagawa kisa katika mambo mawili yanayogombana, uhai upande mmoja na sheria upande wa pili. Mpimaji huuliza mtoto amechagua lipi, kisha huzilinganisha sababu zake na mifano iliyoandikwa chini ya kila daraja. Jibu la Jake laingia vizuri, maana ameziweka thamani mbili katika mizani na kutaja ipi nzito. Jibu la Amy halina mizani. Yeye hakukubali kwamba mambo ni mawili tu. Maneno yake juu ya kifungo yakaonekana kama hofu ya adhabu au hesabu ya faida. Matumaini yake kwa mwuza dawa yakaonekana kama utoto usiojua ulimwengu. Na kule kutaka wazungumze hakukupata mahali pa kuandikwa.

Gilligan aliyasoma maneno hayo hayo kwa jicho jingine. Kwa Amy, ulimwengu ni utando wa watu waliofungamana. Mke, mume na mwuza dawa wote wamo katika utando huo, na ubaya haukuanza katika duka lililovunjwa. Ulianza pale mwuza dawa alipouziba sikio mbele ya shida ya mwenziwe. Swali la uadilifu kwake ni namna gani uhusiano ule utengenezwe pasipo mtu kutupwa. Huko si kushindwa kulijibu swali la Jake. Ni kujibu swali jingine.

SWALI LILIULIZA NINI?

Gilligan alionyesha kuwa katika Kiingereza swali la Heinz lina maana mbili, kufuata neno linalokazwa kwa sauti. Likikazwa hivi, laulizwa kama mume atende au asitende. Likikazwa vile, laulizwa kama tendo lenyewe liwe kuiba. Mhoji alikusudia la kwanza, Amy akasikia la pili. Alikwisha kukubali kwamba Heinz lazima atende. Alilotafuta ni namna ya kutenda.

Katika Kiswahili hatuna haja ya kutegemea mkazo wa sauti, kwa kuwa muundo wa sentensi huzitenga maana hizo. "Je, Heinz aibe dawa ile, au asiibe?" lafunga milango yote ila miwili. "Je, Heinz aipate dawa ile kwa kuiba?" laiacha milango mingine wazi. Mfasiri wa mahojiano haya huamua, pengine pasipo kujua, kama mtoto atakuwa Jake au Amy.

Hatari haiishi hapo. "Yampasa aibe?" huuliza wajibu, "yafaa aibe?" humwelekeza mtoto kwenye manufaa, naye akijibu kwa manufaa atapimwa chini, hali amefuata tu neno la mhoji. Neno "haki" lina tatizo lake: "Heinz ana haki ya kuiba?" ni swali la anachostahili mtu mmoja, na "Ni haki Heinz aibe?" ni swali la uadilifu wa tendo. Hata jina la somo letu haliko katikati. "Adili" na "uadilifu" vimetoka katika Kiarabu, katika shina lenye maana ya haki na usawa. "Utu" umetokana na "mtu". Atakayeuliza juu ya uadilifu ameanza upande wa mizani, na atakayeuliza juu ya utu ameanza upande wa uhusiano.

Kwa jambo analolisema Gilligan nimetumia neno "matunzo". "Huruma" haitoshi, maana ni hisia, na mtu aweza kuhurumia akapita njia. "Malezi" huelekea kwa mtoto tu. Kutunza ni kazi: ni kutambua haja ya mtu na kuishughulikia, na ndani yake mna fikira kama ilivyo fikira ndani ya hukumu.

HOJA ILIPOPIMWA

Gilligan hakukoma kwa Jake na Amy. Aliwahoji wanawake 29, wa miaka 15 hadi 33, waliokuwa wakiamua kama wataitoa mimba au wataiweka, akaona mwendo wa namna tatu: kwanza mtu hujitazama nafsi yake, kisha huuona wema kuwa ni kujitoa kwa ajili ya wengine, mwishowe hutambua kuwa yeye naye ni mmoja wa wale wapaswao kutunzwa. Kwa hiyo matunzo nayo yana kukua kwake, wala si kituo cha daraja la tatu ambapo wanawake hukwama.

Walakini sehemu moja ya hoja yake haikusimama imara. Wengi walimsoma kana kwamba haki ni sauti ya wanaume na matunzo ni sauti ya wanawake, na kwamba kipimo cha Kohlberg huwashusha wanawake siku zote. Lawrence Walker aliukagua mkusanyo wa chunguzi mwaka 1984 akakuta kuwa nyingi hazionyeshi tofauti baina ya wanaume na wanawake, na kwamba pale ilipoonekana, mara nyingi elimu na kazi zao hazikuwa sawa. Mwaka 2000 Sara Jaffee na Janet Hyde walizijumlisha chunguzi nyingi zaidi. Walikuta wanawake wameelekea kidogo upande wa matunzo na wanaume kidogo upande wa haki, lakini tofauti ilikuwa ndogo, isiyotosha kuwagawa watu makundi mawili.

Uchunguzi uliofunua zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Kay Johnston wa mwaka 1988, naye alitumia ngano. Nungunungu aliomba hifadhi ya baridi katika shimo la mafuko, wakampokea. Shimo likawa dogo, miiba ikawachoma, wakamwomba atoke. Akakataa, akasema anayeona taabu na aondoke yeye. Johnston aliwauliza vijana 60, wa miaka 11 na 15, jambo hilo litatuliwe vipi. Wako waliosema shimo ni la mafuko, basi nungunungu atoke: hiyo ni sauti ya haki. Wako waliosema wafunike miiba kwa blanketi, au wachimbe shimo pana zaidi: hiyo ni sauti ya matunzo. Kisha aliwauliza swali moja zaidi: je, iko njia nyingine ya kulifikiri jambo hili? Hapo wengi waliweza kuhama kutoka sauti moja hadi nyingine. Basi mtoto ana sauti mbili, naye hutoa ile ambayo kisa na swali vimeiita. Jibu la kwanza pekee halituambii uwezo wake wote.

Kohlberg mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1983 pamoja na wenziwe, alikubali kuwa kipimo chake kilipima fikira ya haki, na kwamba uadilifu ni mpana kuliko hiyo. Hakukubali kuwa ziko njia mbili za kukua zilizotengana. Aliona kuwa wajibu kwa watu maalumu hujengwa juu ya haki impasayo kila mtu. Mpaka hapo ugomvi ulibaki wazi, lakini eneo lake lilikuwa limepungua.

KISA CHA DANIEL

Afrika Mashariki iliingia katika mjadala huu mapema. Carolyn Edwards alifanya uchunguzi wake Kenya katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 yeye pamoja na Sara Harkness na Charles Super wakatoa habari za wazee wa Kipsigis. Wazee wale walikuwa watu wa kuaminiwa, wanaoitwa kusuluhisha magomvi ya kijiji, na fikira zao zilielekea kupimwa katika daraja la tatu. Mwaka 1985 John Snarey alizikagua chunguzi 45 kutoka nchi 27: madaraja ya chini na ya kati yalionekana karibu kila mahali, lakini la tano halikuonekana katika jamii za vijijini. Ama wasuluhishi wa vijiji kote duniani ni wachanga wa uadilifu, ama kipimo chashindwa kuona wanachokifanya.

Edwards na wenziwe walitunga kisa cha huku. Daniel alisoma mpaka kidato cha nne kwa karo aliyolipiwa na nduguye. Akaoa, akapata kazi mjini. Baada ya miaka minane, mwanawe alipofikia umri wa kwenda shule, wazazi wake walimjia wakamwambia kuwa nduguye amepata ajali, hawezi kazi tena, basi amsomeshe mtoto wa nduguye. Watoto wawili wale walikuwa rika moja, na fedha zilitosha mmoja tu. Mke wa Daniel akasema mtoto wao ndiye wa kwanza.

Tukipime kisa hiki kwa kulitunga jibu. Tuseme mzee ajibu: "Daniel asichague mtoto. Awaite wazazi, mkewe na ndugu zake, waone kila mmoja ana nini. Wasipofanya hivyo, nyumba itavunjika na watoto wote wawili watakosa." Mpimaji wa haki angetafuta thamani mbili zilizopimwa na asizione. Angeona "nyumba", angeona ndugu na sifa ya kuwa ndugu mwema, akaandika daraja la tatu. Lakini jibu lile lina kanuni: deni la karo halikuwa mkopo wa mtu na mtu, bali sehemu ya mzunguko wa kutunzana, na aamuaye peke yake aukata mzunguko huo hata kama hesabu yake ni sahihi. Lina pia utaratibu wa haki, maana kila ahusikaye, hata mke anayepinga, apewa nafasi ya kusikilizwa. Tofauti yake na la Amy ni moja tu: mzee anayo baraza ya kulitekelezea, na Amy hakuwa nayo.

Hata hivyo haifai kuyapamba majibu ya namna hii kupita kiasi. Matunzo yanayoishia mlangoni pa ukoo humwacha mgeni nje, na swali la Kohlberg juu ya mgonjwa asiyejulikana ndilo linaloufunua upungufu huo. Kadhalika "wazungumze" laweza kuwa njia ya kumchosha mnyonge mpaka akubali. Njia ya kutambua ni kuuliza swali la pili: mazungumzo yakishindikana, nani atabeba hasara? Aliyekomaa katika matunzo analo jibu, na aliyejificha nyuma ya maneno hana.

Kwa hiyo atakayewahoji watoto kwa Kiswahili na aandike swali lake neno kwa neno kama alivyolitamka, si kama lilivyo katika mwongozo. Aandike pia jibu lililokataa swali, wala asiliite kimya. Na kabla ya kuandika daraja, amwulize mtoto kama iko njia nyingine ya kulitazama jambo lile, kisha anyamaze amsikilize. Asipofanya hivyo, atakuwa amepima swali lake mwenyewe, na cheo akaandikiwa mtoto.